Chumba kimoja, madarasa matatu: ratiba tatu na namna ya kuchagua

Makala hii ni ya mwalimu aliyepangiwa shule shikizi akakuta chumba kimoja chenye Darasa la I, la II na la III, ubao mmoja, na ratiba tatu kutoka shule mama ambazo zote zinaanza saa 2:00 asubuhi. Ratiba hizo ziliandikwa kwa walimu watatu. Yeye ni mmoja, na Jumatatu watoto watakuja.

Shule shikizi huanzishwa pale kitongoji kinapokuwa mbali na shule mama, au kinapotenganishwa nayo na mto, pori au barabara ya hatari, ili wadogo wasome karibu mpaka wapate nguvu ya kutembea. Mwaka 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilitengwa kwa ujenzi wa vyumba 3,000 vya shule shikizi nchini Tanzania, kwa hiyo wengi wenu mnafundisha kwenye chumba kizuri cha matofali. Chumba kizuri hakigawi dakika za mwalimu lakini, na swali la ratiba linabaki palepale.

Nitalinganisha njia tatu: kupishana, somo moja kwa wote, na mzunguko wa miaka miwili. Kwa mfano nitatumia shule ya kubuni yenye watoto 18 Darasa la I, 14 Darasa la II na 11 Darasa la III. Njia ya zamu, ambapo Darasa la I na la II wanakuja asubuhi na la III mchana, siiweki kwenye mizani kwa sababu inaukwepa mseto wa madarasa badala ya kuupanga, na mwalimu anabaki shuleni kutwa nzima. Kipande chake kimoja tu nitakiazima.

Kwanza hesabu ya 30 na 40

Kabla ya kuchagua chochote, tazama urefu wa vipindi. Darasa la I na la II wana vipindi vya dakika 30. Darasa la III wana vipindi vya dakika 40. Ukifuata kengele ya kila darasa, utasimamishwa na kengele kila baada ya dakika chache: 2:30 la I na la II wanabadili somo, 2:40 la III wanabadili, 3:00 wale tena, 3:20 hawa tena. Asubuhi nzima inaishia kwenye kubadilisha madaftari.

Dakika 30 na dakika 40 zinakutana kwenye 120. Vipindi vinne vya wadogo ni sawa na vipindi vitatu vya Darasa la III. Kwa hiyo panga siku kwa vipande vya saa mbili: saa 2:00 hadi 4:00, mapumziko, kisha saa 4:30 hadi 6:30. Ndani ya kipande hakuna kengele. Kila darasa linapata idadi yake halali ya vipindi, azimio la kazi linatimia, na mthibiti ubora akija unaweza kumwonyesha hesabu kwenye karatasi moja.

Kuna faida nyingine hapo. Saa 6:30 Darasa la I na la II wanakwenda nyumbani. Darasa la III wakibaki hadi saa 7:50, wanapata dakika 80, yaani vipindi viwili vyao wenyewe na mwalimu wao wenyewe. Hicho ndicho kipande ninachoazima kwenye ratiba za zamu, na kinasaidia njia zote tatu.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni dakika za mwalimu: ndani ya kipande cha dakika 120, kila darasa linapata dakika ngapi za mwalimu kuzungumza nao wao, kwa kiwango chao? Cha pili ni kazi ya kujitegemea, maana muda ambao mwalimu hayupo nao lazima ujazwe na kitu, na kitu hicho kinahitaji vitabu, kadi au ubao. Cha tatu ni maandalizi ya jioni. Cha nne ni jinsi ratiba inavyokaa na azimio la kazi na upimaji, hasa upimaji wa KKK wa Darasa la II na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la IV. Cha tano husahaulika mara nyingi, nacho ni mtoto anayehama. Watoto wa shule shikizi karibu wote watahamia shule mama siku moja, na ratiba nzuri isiwapeleke huko wakiwa na mashimo.

## Njia ya kwanza: kupishana

Inavyokwenda. Kila darasa lina somo lake, na mwalimu anahama kwa vipande vya dakika 10. Siri yake ni kutoweka masomo mawili yanayodai mdomo wa mwalimu kwa wakati mmoja. Darasa la I wakiwa kwenye Kusoma, ambako kila sauti lazima itamkwe na mwalimu kwanza, la II wawe kwenye Kuhesabu na la III wasome kifungu kimya.

Tuone Jumatatu. Saa 2:00 unaanza na Darasa la I kwenye Kusoma na unakaa nao dakika 20: sauti ya /m/, silabi ma, me, mi, mo, mu, kisha maneno mama na mimi. La II wanafanya marudio ya hesabu yaliyoandikwa ubaoni kabla hawajaingia. La III wanasoma kifungu kwenye kitabu na kujibu maswali matano. Saa 2:20 la I wanachora na kunakili vitu vinavyoanza na sauti ile, nawe unakwenda Darasa la II. Hapo una kazi mbili ndani ya dakika 10: unasahihisha hesabu walizofanya, halafu unawaeleza kifungu watakachosoma kuanzia 2:30. Saa 2:30 uko Darasa la III, mnajadili majibu ya kifungu. Saa 2:40 unarudi Darasa la I, ambao sasa wako kwenye Kuandika.

Mzunguko huo ukiuendeleza hadi saa 4:00 unapata hivi:

| Darasa | Mwalimu anafika saa | Jumla |
|---|---|---|
| I | 2:00, 2:10, 2:40, 3:10, 3:40 | dakika 50 |
| II | 2:20, 2:50, 3:20, 3:50 | dakika 40 |
| III | 2:30, 3:00, 3:30 | dakika 30 |

Darasa la I wamepewa zaidi kwa makusudi, na hawaachwi peke yao zaidi ya dakika 20. La III wana muda mrefu wa kimya mwanzoni, dakika 30, lakini wana zile dakika 80 za mchana. Mada mpya na ngumu za Hisabati na Kiingereza za Darasa la III zisubiri mchana. Asubuhi wapewe mazoezi na marudio.

Angalia pia kwamba Darasa la II wanafikiwa mwishoni mwa kila kipindi, kamwe si mwanzoni. Ndiyo sababu maelezo ya kipindi kinachofuata hutolewa mwishoni mwa kilichotangulia. Mwalimu asiyelizoea hili hujikuta Darasa la II wakikaa dakika 20 za kwanza bila kujua wafanye nini.

Inachodai. Kazi ya kujitegemea ndiyo moyo wa njia hii. Kwa kila dakika 10 zako na darasa moja, madarasa mawili yanahitaji kazi, kwa hiyo kipande cha dakika 120 kinakula takriban dakika 240 za kazi za watoto wasio na mwalimu. Hizo hazitoki kichwani asubuhi. Ubao ugawe kwa mistari miwili ya chaki, uandike kazi zote tatu kabla ya saa 2:00. Kama kamati ya shule inaweza kupata rangi nyeusi, pakeni vipande viwili kwenye kuta za pembeni, Darasa la II waelekee ukuta mmoja na la III mwingine. Mtoto akiligeuzia mgongo somo la wenzake anasikia kidogo na anatulia zaidi.

Kila kazi iwe na sehemu mbili: ya lazima na ya ziada. Hesabu sita ni za lazima, na aliyemaliza anachukua kadi kutoka kwenye boksi. Kadi zikatwe kwenye maboksi ya dukani, swali mbele, jibu nyuma, ili mtoto ajisahihishe mwenyewe. Kolombia walijenga mpango mzima wa shule zao ndogo za vijijini, Escuela Nueva, tangu miaka ya 1970 juu ya wazo hili, kwa vijitabu vinavyomwongoza mtoto hatua kwa hatua. Sisi hatuna vijitabu vile, lakini boksi la kadi mia mbili linaandikika ndani ya muhula mmoja ukiandika chache kila jioni.

Kiongozi wa kikundi anasaidia: mtoto wa Darasa la III anasikiliza wawili watatu wa Darasa la I wakisoma silabi. Naunga mkono jambo hilo kwa mipaka. Dakika 10, si kila siku, na si mtoto yuleyule. Yule binti hodari anayetumwa kila asubuhi kuwafundisha wadogo amepoteza Darasa lake la III, na mzazi wake hajui.

Inapokwama. Dalili ya kwanza ni foleni. Watoto wakisimama na madaftari mbele yako huku ukifundisha wengine, maana yake kazi imekwisha au haikueleweka. Dalili ya pili unaitafuta kwa kalamu: bandika karatasi mezani, weka nukta kwa kila dakika 10 ulizokaa na kila darasa, kisha hesabu Ijumaa. Kwa kawaida utakuta darasa moja limekonda, na mara nyingi ni la II, kwa kuwa si wadogo wa kukulilia wala si wakubwa wa kukudai.

Tatizo la tatu ni la mwalimu mwenyewe. Kuhama mara kumi ndani ya saa mbili kunachosha, na siku ukiwa na homa ratiba hii inaanguka mapema kuliko nyingine.

Inamfaa nani. Mwalimu mwenye madarasa yaliyo mbali kiwango, mfano la I pamoja na la III, au mwenye Darasa la I ambao hawajajua silabi. Inafaa pia pale ambapo vitabu vinatosha angalau kitabu kimoja kwa watoto wawili. Kwa mtoto anayehama ndiyo salama kuliko zote: kila darasa linafuata azimio lake la kazi, na akifika shule mama anakaa mahali pake bila kuulizwa.

## Njia ya pili: somo moja kwa wote, kila darasa kwa kiwango chake

Inavyokwenda. Saa 2:00 chumba kizima ni Hisabati. Saa 2:40 chumba kizima ni Kiswahili, ambacho kwa wadogo ni Kusoma na Kuandika. Hapa unatumia vipindi vya dakika 40 kwa wote, na kile kipande cha saa mbili kinabeba masomo matatu. Kipindi kimoja kinagawanyika hivi: dakika 8 za pamoja, dakika 10 na Darasa la I, 8 na la II, 8 na la III, na 6 za mwisho za kusahihisha pamoja.

Mfano wa kutoa. Unasimama mbele na vijiti: vingine kimoja kimoja, vingine mafungu ya kumi yaliyofungwa kwa uzi. Unatoa hadithi fupi ya mama aliyepeleka mayai gulioni. Alikuwa na 9, akauza 4. Darasa la I wanakuja kuondoa vijiti. Halafu mama wa pili ana mayai 42, ameuza 17. Una mafungu manne na vijiti viwili. Huwezi kuondoa saba kwenye viwili, kwa hiyo unafungua fungu moja mbele ya macho yao, vijiti vinakuwa kumi na viwili, unaondoa saba, vinabaki vitano. Mafungu matatu yaliyobaki unaondoa moja, yanabaki mawili. Ishirini na tano.

Tendo lile moja la kufungua fungu limefundisha madarasa mawili. Darasa la II wanaenda kulirudia kwa namba zao, na la III wanaenda nalo kwenye 452 kutoa 168, ambako wanafungua fungu mara mbili, la kumi na la mia, wafike 284. Darasa la I wameona tu kwamba kutoa ni kuondoa, na kwao leo hiyo inatosha. Wanakwenda kufanya 9 kutoa 4, 8 kutoa 3, kwa vizibo vya soda.

Katika kipande cha dakika 120, Darasa la I wanapata dakika 30 zao na 42 za pamoja. La II na la III wanapata 24 zao na 42 za pamoja. Ukijumlisha, ni 72 na 66, nyingi kuliko kwenye kupishana. Lakini jumla hiyo ni ya kweli pale tu dakika za pamoja zinapomfikia kila mtoto. Zisipowafikia Darasa la I, wamebaki na 30 dhidi ya 50 za njia ya kwanza. Uamuzi wote kuhusu njia hii umelala hapo.

Inachodai. Kazi za kujitegemea ni fupi, kwa hiyo boksi la kadi si lazima liwe kubwa. Unachohitaji ni kazi ya mwanzo wa muhula: kuweka maazimio matatu ya kazi mezani na kupanga upya mada ili zikutane. Somo la kutoa la Darasa la I linaweza kuwa limepangwa Aprili, la III limepangwa Februari. Unazisogeza ndani ya muhula uleule, unaandika wiki mpya pembeni, na unampelekea mwalimu mkuu wa shule mama aone kabla hujaanza. Baada ya hapo jioni zako zinakuwa nyepesi, maana unaandaa zana za aina moja na hadithi moja.

Inapokwama. Inakwama kwenye Kusoma. Darasa la I wanapojifunza herufi wanahitaji mdomo wa mwalimu kila dakika chache. La III wanahitaji ukimya. Ukiweka Kusoma kwa wote wakati mmoja, kiitikio cha silabi cha watoto 18 kinafunika kifungu cha wenzao, na hakuna kazi ambayo Darasa la I wanaweza kuifanya peke yao kwa sababu maelekezo yenyewe hawawezi kuyasoma. Hali hubadilika watoto wale wakishajua silabi, kwa wengi katikati ya mwaka.

Shida nyingine ni ya kimyakimya. Mwalimu hulenga katikati bila kukusudia. Darasa la II wanafurahi, la I wanaitikia kwa sauti kubwa wasichokielewa, la III wanapoa. Kiitikio kisikudanganye. Baada ya dakika za pamoja mwite mtoto mmoja wa Darasa la I peke yake, mpe vizibo saba, mwambie aondoe vitatu. Kisha kusanya daftari za Darasa la II na za la III za siku ile uzifungue bega kwa bega. Kurasa zikifanana, Darasa la III wamerudishwa nyuma mwaka mmoja, na hutaliona hilo kwenye ratiba bali kwenye daftari.

Inamfaa nani. Mwalimu mwenye madarasa mawili yaliyo jirani, la II na la III, kwa somo lenye mada zinazojirudia kila mwaka kwa ugumu unaoongezeka: Hisabati, uandishi wa insha fupi, michezo na sanaa. Inafaa pia chumba chenye watoto wachache mno, labda wanne au watano kila darasa, ambako kundi dogo likiachwa peke yake hupoa. Mtoto anayehama hasumbuki sana, kwa kuwa mada zimesogezwa ndani ya muhula mmoja tu.

## Njia ya tatu: mzunguko wa miaka miwili

Inavyokwenda. Madarasa mawili jirani yanafundishwa maudhui yaleyale ya mwaka mmoja, kisha mwaka unaofuata maudhui ya darasa la pili. Inahusu hasa shule shikizi zilizofika Darasa la IV, ambako la III na la IV wanakaa chumba kimoja na masomo yameongezeka. Sayansi, jiografia na historia hubeba mzunguko vizuri kwa sababu mada nyingi hazisimami juu ya mada ya mwaka uliotangulia. Mtoto anaweza kusoma sehemu za mmea kabla au baada ya hali ya hewa.

Hisabati haimo. Kiingereza cha mwanzo hakimo. Kusoma hakumo kabisa.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni mwaka wa kuanzia. Wengi hudhani waanze na maudhui ya Darasa la III kwa kuwa tatu hutangulia nne. Fuatilia watoto wenyewe. Tuseme unaanza 2026. Watoto wa Darasa la IV wa 2026 walishasoma maudhui ya III mwaka 2025. Ukianza na ya III, wao watayarudia, wataondoka bila kusoma ya IV. Kwa hiyo 2026 fundisha maudhui ya Darasa la IV kwa wote. Mwaka 2027 wale waliokuwa III wamefika IV, wanasoma maudhui ya III pamoja na wageni wapya. Mwaka 2028 unarudi kwenye ya IV. Kila kundi limepata yote mawili.

Inachodai. Dakika za mwalimu hapa ni nyingi kupita njia zote: kipindi cha dakika 40 cha Sayansi ni dakika 40 kwa madarasa yote mawili. Andalio la somo ni moja. Unachodaiwa ni ruhusa na kumbukumbu. Kubadili mpangilio wa miaka si jambo la mwalimu kuamua peke yake. Mwalimu mkuu wa shule mama na afisa elimu kata wajue, na iandikwe. Kila mtoto awe na ukurasa unaoonyesha mada alizosoma, kwa mwaka.

Inapokwama. Kundi la 2027 litafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la IV likiwa darasani linasoma maudhui ya III, na ya IV waliyasoma mwaka mmoja nyuma wakiwa wadogo. Wasipofanyiwa marudio watakaa kwenye chumba cha upimaji wakiwa wameyasahau. Tenga vipindi viwili kwa wiki muhula wa pili kwa ajili yao, huku la III wakifanya kazi ya kujitegemea.

Kwa mtoto anayehama, njia hii ndiyo yenye hatari kubwa. Akiondoka baada ya mwaka mmoja amesoma ya IV, hajasoma ya III, na mwalimu wake mpya hana habari. Ule ukurasa wa mada usafiri naye kwenye barua ya uhamisho.

Inamfaa nani. Shule yenye watoto waliotulia, ambao familia zao hazihami kufuata malisho au mashamba, na yenye mwalimu anayetarajia kubaki zaidi ya mwaka. Mwalimu akiondoka katikati ya mzunguko, anayemfuata anaweza kuanza upya na maudhui yaleyale bila kujua.

## Uchague vipi

Kama Darasa la I wako chumbani na mwaka ndio unaanza, weka Kusoma na Kuandika kwenye kupishana, hata kama masomo mengine utayapanga vingine. Watoto wale wakishaweza kusoma maelekezo mafupi ubaoni, pengine Juni au Julai, mambo yote ya chumba yanalegea, na unaweza kuhamishia vipindi kadhaa kwenye njia ya pili.

Kama una la II na la III tu, ningeanza na Hisabati ya pamoja. Mada zao zinakutana vizuri na utaokoa jioni nyingi. Kusoma bado kupishane.

Kama vitabu ni vichache sana, mfano kitabu kimoja kwa watoto sita, kupishana kwa masomo tofauti kunakupa ahueni isiyotegemewa: darasa moja likiwa kwenye kitabu, mengine yako kwenye vizibo na kadi. Wakati huohuo kazi za kimya zitakulemea. Hapo changanya, na uelekeze nguvu kwenye kadi za Darasa la II kwanza.

Kama una mwalimu wa kujitolea, usimpe darasa moja zima awe nalo peke yake kona ya chumba. Sauti mbili za walimu kwenye chumba kimoja zinauana. Mpe vipindi vya nje: Darasa la I chini ya mti kwa Kusoma kuanzia saa 2:00 hadi 2:40, wakati wewe unafundisha Hisabati ya la II na la III ndani. Mvua za masika zikianza, hilo halitawezekana, kwa hiyo uwe na ratiba ya pili ya siku za mvua mapema.

Kama familia za eneo lako huhama kwa msimu, acha mzunguko wa miaka miwili hata kama unavutia. Kama hazihami, na umefika Darasa la IV, ufikirie kwa Sayansi na jiografia pekee, ukianza na maudhui ya juu.

Na kama watoto hawazidi 15 kwa madarasa yote, gawanya wakati mwingine kwa uwezo badala ya darasa, hasa kwenye Kusoma. Mtoto wa Darasa la III asiyejua silabi hatanufaika na kifungu cha Darasa la III. Akae na la I dakika 20 zile za asubuhi, kwa heshima, bila kutangazwa, halafu arudi kwa wenzake kwenye Hisabati.

Ratiba yoyote utakayochagua, ianze mwanzoni mwa muhula na uiache ifanye kazi wiki tatu kamili kabla ya kuigusa. Wiki ya kwanza ni ya kuwafundisha watoto mahali pa kukaa, pa kuchukua kadi, na nani wa kuulizwa wewe ukiwa na wengine. Karatasi ya nukta ibaki mezani wiki zote tatu. Ukiona darasa lililokonda ni lilelile Ijumaa tatu mfululizo, hamisha dakika 10 moja tu kwenye kila kipande cha saa mbili, kisha hesabu tena.